Kwa nini jina la kitabu hupotea jalada likiwa dogo?

"Jalada la riwaya yangu ya upelelezi linapendeza nikilitazama kwenye kompyuta. Nikiliweka WhatsApp jina halisomeki, na watu wawili wameshaniuliza kama ni kitabu cha maombi. Tatizo liko wapi?"

Hapo kuna matatizo mawili yasiyohusiana, na lile la kwanza ni hesabu tupu. Kwa vitabu vya Kindle, Amazon hupendekeza jalada lenye kimo cha pikseli 2560 na upana wa pikseli 1600. Wabunifu wengi huanzia hapo hata kama kitabu kitauzwa kwa njia nyingine, na si vibaya. Lakini kwenye orodha ya duka la mtandaoni, jalada hilohilo linaweza kubaki na upana wa pikseli 100 hivi, yaani limegawanywa kwa 16. Sasa chukua herufi za mapambo, zile nyembamba zenye mikia, ambazo mstari wake una unene wa pikseli 10. Ukigawa kwa 16 unabakiwa na zaidi kidogo ya nusu pikseli, na pikseli haikatwi nusu. Kinachofanyika ni kuchanganya rangi ya herufi na rangi iliyo nyuma yake, basi herufi nyeupe juu ya bluu inageuka bluu iliyopauka. Simu za siku hizi zina nukta nyingi zaidi, ni kweli, ila hapo kinachoshindwa ni jicho: mstari upo, lakini ni mwembamba kiasi kwamba mtu anayepitisha kidole haraka hauoni.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni unene wa herufi, pamoja na kimo chake. Tuseme riwaya inaitwa "Ufunguo wa Tatu". Ukiacha pembezoni kidogo, una upana wa pikseli 1400 wa kuandikia. Ukiliweka jina lote kwenye mstari mmoja, herufi zinabanana na kuwa fupi. Livunje. UFUNGUO ina herufi saba, kwa hiyo kila moja inapata pikseli 200 za upana, na kwa herufi kubwa nene za kawaida kimo kitakaribia hapohapo. Gawa kwa 16 uone: kama pikseli 12 au 13, inasomeka bila shida. TATU ina herufi nne tu, inaweza kuwa kubwa zaidi. Na "wa"? Iwe ndogo, ikae pembeni au kati ya mistari miwili. Majina ya vitabu vyetu yamejaa wa, ya, la na cha, na wengi huyapa nafasi sawa na maneno mengine bila sababu. Msomaji akishaona UFUNGUO na TATU, hicho kidogo anakijaza mwenyewe.

Ugumu unakuja jina likiwa na neno refu. MWANAHARAKATI ina herufi 13, na kwa upana uleule kila herufi inabaki na pikseli 107 hivi. Likiwa dogo, kimo kinashuka hadi pikseli saba, na hapo inabidi msomaji akisie. Dawa ni fonti iliyobanwa, ambayo herufi zake ni ndefu na nyembamba kwa umbo lakini mistari yake bado ni minene. Kimo kinakaribia kuongezeka mara mbili bila neno kuvuka ukingo. Usikate neno kwa kistari katikati. Nimeona majalada yaliyofanya hivyo, na kwa mbali yanasomeka kama maneno mawili yasiyo na maana.

Rangi nazo zina hesabu zake. Waandishi wa upelelezi wanapenda jina jekundu la damu juu ya nyeusi, nami nawaelewa. Lakini wekundu mzito, kama ule unaoandikwa #8B0000 kwenye programu za kuchorea, una utofauti wa mwanga wa takriban 2 kwa 1 tu dhidi ya nyeusi. Viwango vya usomekaji wa tovuti hudai angalau 3 kwa 1 hata kwa maandishi makubwa. Nyeupe juu ya nyeusi inafika 21 kwa 1. Njia rahisi ya kujua ni kuigeuza picha yote iwe nyeusi na nyeupe: jina likizama ndani ya picha, basi lilikuwa linashikiliwa na rangi peke yake. Wekundu uachie kitu kimoja kwenye picha, jina lipe nyeupe au njano.

Tatizo la pili, la kudhaniwa kitabu cha maombi, halirekebishwi kwa kukuza herufi. Mtu hutambua aina ya kitabu kabla ya kusoma neno lolote, kwa kulinganisha na majalada aliyokwisha kuyaona. Mawingu, miale ya jua inayochomoza na herufi za dhahabu ni mavazi ya vitabu vya dini na mahubiri. Huenda wewe uliweka miale kumaanisha ukweli unaofichuka, lakini msomaji hana habari na maana yako. Herufi za mkono na wapendanao wawili humpeleka kwenye mapenzi, michoro yenye herufi za mviringo kwa watoto, rangi moja tupu yenye maneno makubwa na kichwa kidogo chini yake kwa vitabu vya biashara na maisha. Upelelezi una desturi zake: giza lenye chanzo kimoja cha mwanga, mtu aliyepigwa picha kwa nyuma au kitu kimoja tu, na herufi nzito zisizo na mapambo.

Kwa "Ufunguo wa Tatu" ningefuta miale, ningeacha ufunguo mmoja mezani ukimulikwa kutoka upande mmoja, basi. Mlango, bastola, mji wa usiku na uso wa mpelelezi vyote pamoja vikishapunguzwa vinakuwa vumbi. Jina la mwandishi liwe dogo, isipokuwa kama tayari lina wanunuzi wake. Maneno "riwaya ya upelelezi" yaandike ukitaka, ila usiyategemee, kwani kwa udogo ule hayasomeki. Dukani jina la kitabu huandikwa pia pembeni ya picha, hivyo kazi kubwa ya picha pale ni kuonyesha aina ya kitabu. Kwenye stetasi ya WhatsApp picha iko peke yake, na hapo jina lazima lijitegemee.

Kupima, punguza jalada hadi upana wa pikseli 100 na ulitazame hivyohivyo bila kulikuza. Kisha mwonyeshe mtu asiyelijua jina, sekunde mbili, halafu ufunike simu. Muulize amesoma nini na anadhani kitabu kinahusu nini. Ukimuuliza kama ni zuri atakujibu ndiyo, maana watu wana adabu.

Kama jalada lako ni jeupe, lizungushie mstari wa kijivu wa pikseli tatu au nne, la sivyo kingo zake zitapotea kwenye ukurasa mweupe wa duka. Na kama utachapa pia, omba nakala moja ya majaribio kabla ya mia. Kioo cha simu kinatoa mwanga, karatasi haitoi, kwa hiyo sehemu za giza zilizokuwa na undani kwenye skrini hutoka nyeusi tupu mashineni. Ule ufunguo mezani utahitaji kung'arishwa kidogo kwenye faili la kuchapia, na faili hilo ulitunze kando na lile la mtandaoni.