Je, wajua picha inawezaje kuonyesha kwamba mahindi yamekauka?

"Koperative yetu iko nje kidogo ya Lubumbashi na wanachama wengi hawasomi. Nataka kutengeneza slaidi za kufundisha kuhifadhi mahindi, picha tupu na maneno machache sana. Lakini ukavu hauonekani kwa macho. Nitaupigaje picha?"

Huwezi kuupiga. Weka punje zenye unyevu wa 18% kando ya punje zenye 13%, uzipige kwa simu yoyote ile: utapata picha mbili za mahindi meupe yanayofanana. Ndiyo maana slaidi nyingi za mafunzo haya hufeli mahali palepale. Zinaonyesha mahindi yameanikwa juu ya turubai, kisha gunia limefungwa, na katikati panakosekana jambo ambalo mkulima alikuja kulitafuta, yaani atajuaje kwamba sasa ndiyo wakati wa kufunga. Wazee hung'ata punje na kusikiliza inavyopasuka, au huyamwaga mahindi na kusikiliza mlio wake. Hiyo ni elimu ya kweli, ila haiingii kwenye picha.

Kinachoingia kwenye picha ni kipimo cha chumvi. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, safi na kavu kabisa. Tia mahindi hadi theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha iache itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya 15%, hayafai kuwekwa ghalani. Ikidondoka yote chini na kioo kikabaki safi, yako chini ya hapo.

Sababu yake ni hii. Punje huvuta na kutoa unyevu hadi zilingane na hewa iliyozizunguka. Ndani ya chupa iliyofungwa, mahindi yenye unyevu wa karibu 15% huifanya hewa ifikie unyevu wa takriban 75%, na hapo ndipo chumvi ya kawaida huanza kulowa na kunata. Ukungu wa ghalani nao hustawi kuanzia karibu na kiwango hichohicho, na ndiyo sababu kitu rahisi namna hii cha jikoni kinaweza kuaminiwa.

Sasa picha. Tatizo la kwanza ni rangi: chumvi ni nyeupe, mahindi ya bukari ni meupe, na kioo kinang'aa. Weka kitambaa cheusi nyuma ya chupa, zima mwanga wa kamera, na piga asubuhi jua likitokea ubavuni. Chembe za chumvi zilizonata zitaonekana wazi hata kwa aliyekaa nyuma. Chupa zote mbili, ya mahindi mabichi na ya makavu, zikae bega kwa bega katika picha moja. Ukizitenga kwenye slaidi mbili, unamlazimu mtu akumbuke ya kwanza wakati anaitazama ya pili, na tofauti yenyewe ni ndogo. Chini ya chupa ya kushoto andika BADO, ya kulia KAVU. Hakuna neno jingine linalohitajika hapo. Maelezo yote, pamoja na zile dakika na vijiko, yakae kwenye karatasi ya mwezeshaji.

Tatizo la pili ni zito zaidi, na sijaona slaidi nyingi zinazolijali. Mwonyeshe mtu picha ya mkono unaotia chumvi kwenye mahindi, kisha muulize, "Huyu anafanya nini?" Tarajia jibu hili: anatia chumvi ili mahindi yasioze. Ni jibu la mtu mwenye akili. Kila anayekula makayabu Lubumbashi anajua kwamba chumvi huhifadhi samaki, na picha yako haijamwambia chochote tofauti. Akirudi nyumbani atamwaga kilo ya chumvi ndani ya gunia, na chumvi hiyo itavuta unyevu wa hewa, iiletee akiba yake maji badala ya kuikausha.

Kwa hiyo kipimo kinahitaji picha mbili za kukizunguka. Ya kabla ionyeshe mtu akichota mkono mmoja tu wa mahindi kutoka rundo kubwa, na rundo lenyewe lionekane nyuma. Ya baada ionyeshe yale mahindi yenye chumvi yakiwekwa kando kwenye sahani, huku gunia likijazwa kutoka rundo ambalo chumvi haikuligusa. Mtu, nguo na uwanja viwe vilevile katika picha zote, la sivyo mtazamaji ataona wakulima watatu wenye shughuli tatu tofauti.

Kuhusu alama ya X nyekundu, mimi siitumii. Kwa aliyepita shuleni ni kosa. Kwa mwingine ni pambo, au mistari miwili tu. Badala yake onyesha matokeo: gunia lililofungwa mapema likimwagwa, punje zimeshikana mabonge na kuota ukungu wa kijani. Fukusi naye usimpige akajaza skrini nzima, maana watu watasema wadudu wakubwa hivyo hawapo kwao. Mweke juu ya punje, kando ya kidole gumba.

Kipimo hiki kina mipaka ambayo mwezeshaji lazima aitaje kwa mdomo. Chumvi iliyokaa wazi wakati wa mvua tayari ina unyevu, itanata hata kwenye mahindi makavu. Ikaangwe kwanza kwenye sufuria kavu na kupoa. Chupa iliyooshwa asubuhi hudanganya vilevile. Pia chumvi haiwezi kutofautisha 14.5% na 13%, wakati mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia, inataka mahindi yasizidi takriban 13.5%. Mifuko hiyo huua wadudu kwa kuwanyima hewa, lakini haikaushi chochote. Unyevu ulioingia nao hubaki humo. Basi hata chumvi isiponata, ongeza siku moja au mbili za jua kali kabla ya kufunga. Kwenu hilo si gumu, kwa kuwa mavuno hufuatwa na kiangazi, ila usiku wa Juni na Julai ni wa baridi na umande, hivyo rundo lifunikwe jioni. Hiyo nayo ni picha: turubai limekunjwa juu ya mahindi, jua linazama.

Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu wa mahindi, usijaribu kuipiga picha. Haina sura, punje safi machoni inaweza kuwa nayo, na kuchemsha bukari hakuiondoi. Mwezeshaji aiseme akiwa kwenye picha ya mabonge ya ukungu, halafu asonge mbele.

Kabla ya mafunzo, chapa picha kwenye karatasi kubwa, kwa ajili ya siku ambayo umeme hautakuwepo, na zichanganye. Mpe mwanachama ambaye hakushiriki kuziandaa, azipange chini kwa utaratibu anaouona yeye. Usimuulize kama ameelewa, kwa sababu atasema ndiyo ili asikuvunje moyo. Tazama anaiweka wapi picha ya zile chupa mbili. Akiiweka baada ya gunia kufungwa, piga upya ile ya sahani na rundo, kisha mtafute mtu mwingine wa kuzipanga.