Benki ina milioni 17, lakini ni za nani?

Taasisi moja hapa Tanga ninayoisaidia uhasibu ina wafadhili wawili na akaunti moja ya benki. Mfadhili wa kwanza analipia upandaji wa mikoko Mkinga, wa pili analipia wakulima wa mwani Pangani. Kuna pia fedha huru, yaani ada za wanachama na michango isiyo na masharti. Robo mwaka ilipokuwa inaisha, mkurugenzi alitaka tulipe posho za mafunzo ya mwani, nami nikasita.

“Mwanangu, hela si zipo benki?”

“Zipo mama, ila ni za nani?”

Benki ilikuwa na shilingi milioni 17. Mfumo wao wa uhasibu ni ERPNext, na aliyeufunga alikuwa ametengeneza `Accounting Dimension`, yaani lebo ya kuwekwa kwenye mistari ya miamala, iitwayo Mfuko, yenye thamani tatu: MIKOKO, MWANI na HURU. Hilo lilikuwa jambo zuri, kwani wengi hufungua akaunti ya mafuta kwa kila mfadhili, na baada ya ruzuku nne daftari kuu halisomeki. Kasoro ni kwamba mfuko uliandikwa kwenye mistari ya matumizi tu. Ripoti za matumizi kwa wafadhili zilitoka safi kabisa, ila hakuna aliyeweza kusema salio la benki ni la mfuko gani.

Nilikaa siku mbili nikiweka mfuko kwenye kila mstari wa benki. MIKOKO ilipokea milioni 60 ikatumia 35, kwa hiyo zake ni 25. HURU ilibakiwa na 9. MWANI ilipokea 30 ikatumia 47, maana awamu ya pili ilichelewa na kazi haikusimama. Imepungukiwa 17. Jumlisha 25 na 9, toa 17, unapata zile 17 za benki. Lakini fedha za mikoko zilipaswa kuwa 25! Mwani ulikuwa umemaliza fedha huru zote, kisha ukachota milioni 8 za mfadhili mwingine, na hakuna aliyeidhinisha.

Mfuko huru kuukopesha mfuko wenye masharti ni uamuzi wa ndani wa taasisi. Kuchota za mfadhili mmoja kufanyia kazi ya mwingine ni jambo jingine: mikataba mingi ya ruzuku inataka fedha zitumike kwa kazi yake tu, na mkaguzi anaweza kudai zirudishwe. Kwa hiyo kwanza deni lile lilipaswa kuonekana vitabuni. Nilifungua akaunti ya mizania iitwayo Baina ya Mifuko, nikaandika hivi:

```
Akaunti          Mfuko   Debiti     Krediti
Benki            MWANI   9,000,000
Baina ya Mifuko  MWANI              9,000,000
Baina ya Mifuko  HURU    9,000,000
Benki            HURU               9,000,000
```

Nikarudia kwa milioni 8 za MIKOKO. Ukichuja urari kwa mfuko mmoja, debiti na krediti lazima zilingane, na akaunti ya Baina ya Mifuko kwa taasisi nzima lazima iwe sifuri. Isipokuwa sifuri, kuna mtu ameandika upande mmoja tu.

Ili hali isijirudie, kwenye mpangilio wa Mfuko nilitia alama `Mandatory For Balance Sheet` pamoja na `Mandatory For Profit and Loss Account`. Sikuweka thamani ya kujijaza yenyewe. Ukiweka HURU ijijaze, kila anayesahau ataitwisha HURU gharama bila kujua, na kosa halitaonekana. Makato ya benki tulikubaliana yaende HURU, lakini mhasibu auchague mfuko huo kwa mkono.

Bado kuna mtego kwenye ankara. Ankara moja ya mafuta ya 300,000 ukiigawa 200,000 MIKOKO na 100,000 MWANI katika mistari ya bidhaa, gharama zitagawanyika sawasawa, ila mstari wa wadai utachukua mfuko ulioandikwa juu ya ankara, mmoja tu. Urari wa mifuko yote miwili unapinda hapo hapo. Mimi huingiza ankara mbili, kila moja na mfuko wake, na malipo mawili yenye namba moja ya rejea ya benki. Kama mfumo umewekwa kukataa namba ya ankara inayojirudia, ongeza /A na /B mwishoni. Kivuli cha risiti kiambatishwe kote kuwili, kikiwa na mgawanyo ulioandikwa na kusainiwa.

Posho hazikulipwa wiki ile. Mkurugenzi alimwandikia mfadhili wa mikoko kumweleza zile milioni 8, na mfadhili wa mwani kuomba awamu yake. Iliingia milioni 28. Siku hiyo hiyo tulirudisha 8 MIKOKO, kisha 9 HURU, na MWANI ikabaki na 11. Posho zikatoka humo.