Sentensi iliyopasuliwa si sauti iliyopazwa

Kuna maelezo yanayorudiwa mno katika masomo ya uandishi, kwamba “Ninachohitaji ni muda” ni “Nahitaji muda” iliyotiwa nguvu. Maelezo hayo yanapotosha. Kutia nguvu ni kazi ya maneno kama “sana” na “kabisa”, ilhali sentensi iliyopasuliwa kama “Ninachohitaji ni muda” hugawa taarifa moja katika sehemu mbili: ile ambayo msikilizaji anachukuliwa kuwa tayari anaijua, na ile inayoteuliwa kujaza pengo.

Tuchukue sentensi “Mhariri alifuta aya ya pili.” Tukisema “Mhariri ndiye aliyefuta aya ya pili”, tunamjibu mtu anayejua kwamba aya imefutwa, ila hajui aliyeifuta, au anamdhania mwingine. Tukisema “Alichofuta mhariri ni aya ya pili”, anayetusikiliza anajua kwamba mhariri amefuta kitu, na anachongoja ni kutajiwa kitu hicho. Tukio ni lilelile, lakini maswali yanayojibiwa ni mawili tofauti.

Ukanushi hulidhihirisha jambo hili vizuri. “Mhariri hakufuta aya ya pili” inaacha uwezekano kwamba aya hiyo bado ipo. “Si mhariri aliyefuta aya ya pili”, kwa upande wake, inamwondolea mhariri lawama, lakini kufutwa kwa aya kunabaki palepale, kwa kuwa sehemu inayodhaniwa kujulikana haiguswi na ukanushi.

Upatanisho nao unafuata mgawanyo huohuo. Katika “Ninachohitaji ni muda”, kiambishi “-cho-” kinasimama badala ya kitu ambacho bado hakijatajwa, na ndiyo maana hakifuati ngeli ya “muda”. Kama anayehitajiwa angekuwa mtu, tungesema “Ninayemhitaji ni mhariri.” Nomino ikitangulia, upatanisho huifuata yenyewe: “Muda ndio ninaouhitaji”, “Vitabu ndivyo ninavyovihitaji.” Wanaoandika “vitabu ndio” wameigeuza “ndio” kuwa pambo lisilobadilika, na nadhani kosa hilo limezaliwa na dhana ileile ya kutia nguvu.

Madhara ya dhana hiyo huonekana zaidi katika aya za kufungulia ripoti: “Kamati ndiyo iliyoandaa ripoti hii. Takwimu ndizo zilizokusanywa. Wataalamu ndio waliohojiwa.” Msomaji hajaambiwa lolote kabla ya hapo, kwa hiyo kila sentensi inamfanya ajiulize ni ubishi gani uliompita. Aya hiyo ingetosha kuandikwa hivi: “Kamati iliandaa ripoti hii baada ya kukusanya takwimu na kuwahoji wataalamu.” Iwapo kweli kuna wanaosema kwamba ripoti iliandikwa na watu wengine, “Kamati ndiyo iliyoandaa ripoti hii” ibaki kama ilivyo, na sentensi mbili zinazofuata zirudishwe katika muundo wa kawaida.