Kwa Nini Mwanga Hauvuji Kwenye Faiba

Mwanga hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde kwenye ombwe, na ndani ya kioo hushuka hadi karibu 200,000. Mabadiliko hayo ya kasi ndiyo yanayoupinda. Mwale ukitoka kwenye kioo kwenda hewani kwa mshazari, huongeza kasi na kulalia zaidi upande wa mpaka. Kadiri unavyoufikia mpaka kwa ulalo mkubwa ndivyo unavyotoka ukiwa umelala zaidi, hadi unafika mahali hauna tena pa kutokea. Kwa kioo cha kawaida na hewa, hapo ni digrii 42 hivi, zikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya mpaka. Hiyo ndiyo pembe ya ukomo. Ukiipita, mwanga wote hurudi ndani: uakisi kamili wa ndani.

Je, unyuzi mtupu wa kioo ungetosha kubeba mwanga? Kwa nadharia, ndiyo. Lakini popote utakapoguswa na uchafu, tone la maji au unyuzi mwingine, pale hakuna tena hewa, na mwanga hupata njia ya kutoka. Kwa hiyo faiba hutengenezwa kwa tabaka mbili za kioo: kiini, na ganda linalokizunguka. Mpaka unaoakisi umefichwa ndani, haufikiwi na vumbi wala vidole.

Tofauti ya tabaka hizo ni ndogo ajabu. Kipimo cha mpindo hueleza kasi ya mwanga kwenye ombwe ni mara ngapi ya kasi yake ndani ya kitu. Chukua kiini chenye kipimo hicho 1.48 na ganda lenye 1.465. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, upate 0.99 hivi, hiyo ndiyo sine ya pembe ya ukomo, nayo ni karibu digrii 82. Mwale unaogonga mpaka kwa digrii 85 hubaki ndani. Wa digrii 75 hupenya gandani na kupotea. Yaani husalia miale ile tu inayokwenda karibu sambamba na faiba yenyewe.

Hapo ndipo mkunjo unapoleta shida. Faiba ikikunjwa sana, mwale uliokuwa ukigonga kwa digrii 85 sasa huukuta ukuta wa nje wa kona kwa pembe ndogo zaidi. Ikishuka chini ya 82, sehemu ya mwanga huvuja, ingawa kioo hakijavunjika popote.

Mafundi hulitambua hilo kwa kupitisha mwanga mwekundu: penye mkunjo mkali, faiba huonekana iking'aa kupitia koti lake jembamba. Wakilegeza mkunjo na nguvu ya mwanga ikarudi, basi kosa lilikuwa hilo. Isiporudi, watafute ufa au kiungo kibovu. Na ncha ya faiba inayofanya kazi isichunguliwe kwa jicho, kwani mwanga wa mawasiliano kwa kawaida ni wa infraredi: hauonekani, lakini unaweza kuumiza.