Kwa nini watafiti wa jeni wanaacha lebo za rangi na kutumia asili ya kinasaba

Asili ya kinasaba ni habari ya mahali vilikotoka vipande vya DNA ya mtu: mababu zake waliishi wapi, na walichanganyika na akina nani. Rangi inayojazwa kwenye fomu ni kitu kingine. Ni kundi ambalo jamii imempangia mtu, na mipaka yake hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine. Mtu anayehesabiwa mweusi Marekani anaweza kuwekwa kundi lingine akifika Brazili, na DNA yake haijabadilika hata herufi moja. Mwaka 2023 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilitoa ripoti inayowataka watafiti waache kutumia rangi kama kibadala cha tofauti za jeni. Ugonjwa wa figo unaonyesha vizuri sababu yake.

Nchini Marekani, watu weusi hufikia hatua ya figo kushindwa kabisa kwa kiwango cha karibu mara tatu au zaidi ya weupe. Kwa muda mrefu mzigo huo ulitupiwa shinikizo la damu, na rangi ikabaki kwenye majedwali kana kwamba ni maelezo tosha. Mwaka 2008 watafiti walilitazama jambo hili kwa namna nyingine. Wamarekani weusi wengi wana DNA iliyochanganyika, sehemu kubwa kutoka Afrika Magharibi na iliyobaki kutoka Ulaya. Kwa hiyo inawezekana kuuliza, kila mahali kwenye kromosomu, kipande hiki kimetoka upande upi? Kwa wagonjwa wa aina fulani za makovu ya figo, vipande vya asili ya Afrika vilizidi kiasi cha kawaida mahali pamoja tu, kwenye kromosomu ya 22. Kwanza ilishukiwa jeni ya MYH9. Mwaka 2010 ikabainika kwamba mhusika hasa ni jirani yake, APOL1, yenye mabadiliko mawili yanayoitwa G1 na G2.

Hatari hupanda mtu akirithi nakala mbili za mabadiliko hayo, moja kwa baba na moja kwa mama. Kiasi cha asilimia 13 ya Wamarekani weusi wako hivyo, na wengi wao hawaugui figo kamwe. Mabadiliko haya yalienea kwa sababu protini ya APOL1 iliyobadilika humsaidia binadamu dhidi ya vimelea vya malale. Yamejaa Afrika Magharibi, kwa mfano kwa Wayoruba wa Nijeria, lakini Ethiopia ni karibu hayapo.

Sasa itazame fomu ya utafiti. Mhamiaji kutoka Ethiopia anayeishi Washington ataweka alama kwenye "mweusi", na hatari yake kupitia jeni hii ni karibu sifuri. Mtu wa Jamhuri ya Dominika anaweza kuweka alama kwenye "Mhispania", kundi la wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania, na huenda akawa na nakala zote mbili. Utafiti unaochagua washiriki kwa lebo unamwingiza wa kwanza na kumwacha wa pili.

Madhara hayaishii kwenye uchaguzi wa washiriki. Chukua mfano wa kubuni. Una wagonjwa 1,000 na watu wazima wa afya 1,000 wa kulinganisha nao, wote wamejaza "mweusi". Wagonjwa wametoka kliniki ya mtaa wenye wakazi wengi wa asili ya Afrika Magharibi: 800 wa huko, 200 wa Afrika Mashariki. Wale wa afya wamepatikana mtaa mwingine, 500 kwa 500. Kuna badiliko la jeni lisilo na uhusiano wowote na ugonjwa, ila lina kiwango cha asilimia 40 Afrika Magharibi na asilimia 5 Afrika Mashariki. Kwa wagonjwa utakuta asilimia 33, na kwa wenye afya asilimia 22.5. Kompyuta itakuambia umegundua jeni ya ugonjwa, kumbe umepima tofauti ya mitaa miwili. Ukiwagawa watu kwa asili zao, tofauti hiyo inatoweka ndani ya kila kundi. Lebo moja iliyowafunika wote ndiyo iliyoficha kosa.

Dawa yake huanza kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa. Dodoso liulize mahali walikozaliwa babu na bibi wote wanne na lugha walizozungumza, badala ya kisanduku kimoja cha rangi. Wagonjwa na watu wa kulinganisha wachukuliwe eneo lilelile. Baada ya kupima DNA, watafiti hupunguza alama za jeni zinazorithiwa pamoja ili zisihesabiwe mara mbili, kisha hupata mihimili mikuu inayoonyesha nani anafanana na nani. Kwa programu ya PLINK, kazi hiyo huonekana hivi:

```
plink --bfile figo --indep-pairwise 200 50 0.2 --out teule
plink --bfile figo --extract teule.prune.in --pca 10 --out mihimili
```

Mihimili hiyo kumi huingizwa kwenye hesabu ya ugonjwa pamoja na umri na jinsia. Kila mtu anapata nafasi yake kwenye mhimili, hivyo mwenye asili mchanganyiko hahitaji kulazimishwa kwenye sanduku lolote. Kosa linalotokea sana hapa ni kuwatupa watu walioangukia katikati ya makundi kwa sababu wanachafua mchoro. Kufanya hivyo ni kuirudisha rangi kwa mlango wa nyuma, na wanaotupwa mara nyingi ndio ambao data yao ni haba kuliko zote. Kosa lingine ni kusahau kuondoa ndugu wa karibu na maeneo kama lile la jeni za kinga kwenye kromosomu ya 6. Hapo mhimili mmoja huonyesha familia moja au kipande kimoja cha DNA, si asili ya watu. Ukiona mhimili unabebwa na alama za kromosomu moja tu, rudi nyuma usafishe.

Kufuta neno "mweusi" na kuandika "asili ya Afrika" bila kugusa hesabu hakusaidii kitu. Afrika ina tofauti nyingi za jeni kuliko bara lolote. Mradi wa Jenomu 1,000, ambao hifadhi yake ya data hutumika sana kulinganishia, una watu 2,504 kutoka makundi 26, na Afrika Mashariki inawakilishwa na Waluhya wa Webuye, Kenya, peke yao. Mmasai au Mwiraki wa Tanzania akilinganishwa na hifadhi hiyo, programu itamweka karibu na yeyote aliyepo, hata kama hawafanani sana. Ndiyo maana ripoti ya 2023 inapendelea kusema mtu anafanana kinasaba na kundi fulani la kulinganishia, na kulitaja kundi lenyewe, kuliko kutangaza kwamba yeye ni wa asili fulani.

Rangi yenyewe haitoki kabisa kwenye utafiti. Mtu anayebaguliwa hospitalini, au anayeishi mbali na huduma ya kusafisha damu, anaumia kwa lebo aliyopewa, wala si kwa jeni. Kama swali ni hilo, rangi iulizwe, na ihesabiwe kwenye safu yake kama jambo la kijamii. Shida huja safu hiyo inapofanywa ijibu swali la kinasaba.

Swali likiwa ni APOL1, kipimo cha jeni yenyewe kinatosha. Jaribio la dawa ya inaxaplin, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023, lilipokea wagonjwa wa figo wenye nakala mbili za mabadiliko ya G1 au G2, na walichaguliwa kwa nakala hizo.