Utando mweupe juu ya tangawizi: unywe au umwage?

"Nimechachusha tangawizi nyumbani hapa Mwanza. Siku ya nne imefanya utando mweupe juu. Nimwage?"

Kabla hujakoroga, isogeze kwenye mwanga. Utando bapa, mwembamba, wenye mikunjo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa na usio na manyoya ni hamira pori inayopenda hewa. Hiyo haidhuru, ila huharibu ladha. Iengue, kisha pima asidi. Lakini ukiona madoa ya duara yenye manyoya, ya kijani, bluu au meusi, hiyo ni kuvu. Mwaga chote, usiengue: nyuzi zake huzama chini ya unachokiona, na baadhi ya sumu za kuvu haziondoki hata ukichemsha.

Sababu ya kupima hata utando usiodhuru ni kwamba nao hula asidi, na asidi ndiyo inayokilinda kinywaji. Bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, hawakui pH ikiwa chini ya 4.6; pH ni kipimo cha asidi, na namba ikishuka asidi imezidi. Nyumbani lenga 4 au chini yake, ili kosa dogo la kipimo lisikuponze. Karatasi za kupimia za 1 hadi 14 hazitenganishi vizuri 4 na 4.6, tafuta zenye hatua ndogo, zinazoishia 6 hivi.

Tuseme unatengeneza lita 2. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, maana ya moto yataua vijidudu vinavyochachusha. Weka sukari gramu 150 na tangawizi mbichi gramu 100, iliyooshwa na kukunwa na ganda lake. Vijidudu hivyo vinakaa hapo kwenye ganda. Kisha kamulia ndimu, ukipima, mpaka pH ifike 4. Wengi huiacha ndimu hadi mwisho kwa ajili ya ladha, na hapo ndipo wanapokosea: siku ya kwanza uchachu wenyewe bado haujajengeka, hivyo bakteria wabaya wana nafasi.

Funika kwa kitambaa safi na koroga asubuhi na jioni, kwa sababu utando huanzia kwenye vipande vya tangawizi vinavyoelea. Kwa joto la mchana la huku, linalokaribia nyuzi 28, siku ya pili au ya tatu povu huonekana. Chuja, tia kwenye chupa za plastiki za soda, acha nafasi ya vidole viwili. Chupa ikikakamaa ukiibinya, ipeleke kwenye friji siku hiyo hiyo. Ya kioo inaweza kupasuka. Kinywaji hiki huwa na kileo kidogo, kwa hiyo watoto na wasiotumia pombe waambiwe.

Siki ya mchaichai au rozmari ni rahisi zaidi: anza na siki ya dukani yenye asidi asilimia 5 kwenye lebo, usiiongeze maji, na majani yazame yote. Kitu laini kinachovutika kama mpira kikielea kwenye siki isiyochemshwa, ni bakteria wa siki wenyewe. Harufu ya kuoza ni suala jingine. Hapo usionje ili kuhakikisha.