Ukiomba ruhusa ya ugonjwa, mwajiri anahitaji kujua nini?

Swali la kwanza ofisini mtu akiumwa ni "Unaumwa nini?" Kwetu huo ni utu. Asiyeuliza huonekana hana habari na mwenzake, na anayeulizwa hujiona mkavu asipojibu. Ndiyo maana wafanyakazi wengi, wakiandika barua ya kuomba ruhusa ya ugonjwa, huandika kama wanavyojibu salamu: jina la ugonjwa, sehemu ya mwili, vipimo vyote, hata dawa. Barua hiyo haiishii kwa aliyekupa pole. Inapita kwa katibu muhtasi, inapigwa muhuri, inaingia kwenye jalada, na jalada hilo litafunguliwa na watu ambao hujawahi kuwaona.

Tuanze na sheria inavyosema. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo analipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata nusu mshahara. Kwa kawaida anayestahili malipo hayo ni aliyetimiza angalau miezi sita kazini, na mwajiri halazimiki kulipa kama mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari. Cheti kinapaswa kutoka kwa tabibu aliyesajiliwa, au tabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali, na mwajiri hawezi kumkataa bila sababu ya msingi.

Ukisoma masharti hayo kwa utulivu utaona kinachodaiwa ni uthibitisho wa mtaalamu kwamba huwezi kufanya kazi. Jina la ugonjwa halikutajwa kama sharti la kulipwa.

Mwajiri ana mahitaji yake halali. Anataka kujua kama kweli huwezi kufanya kazi, kuanzia lini hadi lini, nani amethibitisha, na ukirudi kuna kazi gani hutaweza kuifanya kwa muda. Kwa majibu hayo anapanga zamu, anatafuta wa kukushikia nafasi na kukokotoa mshahara. Hakuna hata moja kati ya shughuli hizo inayobadilika kwa kujua kama tatizo liko kwenye figo au kwenye kizazi.

Tuchukue mfano wa mtunza ghala wa kike katika kampuni ya usambazaji wa vinywaji. Ana uvimbe kwenye kizazi, ule ambao wengi huuita mayoma, na amepangiwa upasuaji wa kuuondoa. Daktari anampa siku 42 za mapumziko, kuanzia tarehe 4 Machi hadi 14 Aprili, na anamwambia kwamba akirudi asinyanyue mizigo mizito kwa mwezi mzima. Msimamizi wake ni mwanaume, watunza ghala wenzake karibu wote ni wanaume, na yeye ameolewa miaka kadhaa bila kupata mtoto. Hahitaji kuambiwa na mtu nini kitasemwa ghalani habari hiyo ikitoka.

Barua yake inaweza kuwa fupi hivi: "Naomba likizo ya ugonjwa ya siku 42, kuanzia tarehe 4 Machi hadi tarehe 14 Aprili. Nitakuwa kwenye matibabu ya hospitali na daktari amethibitisha kuwa sitaweza kufanya kazi katika kipindi hicho. Cheti cha daktari kimeambatishwa. Nitaripoti kazini tarehe 15 Aprili, na kwa ushauri wa daktari sitanyanyua mizigo mizito kwa mwezi mmoja baada ya kurudi. Funguo na daftari la mali nimemkabidhi msaidizi wangu."

Kila mstari unamsaidia mwajiri kufanya jambo fulani. Ofisi ya utumishi itaona siku 42 zinaingia zote ndani ya zile 63 za mshahara kamili, kwa hiyo, kama hakuwa ametumia nyingine katika mzunguko huo, atabakiwa na siku 21 za mshahara kamili na 63 za nusu mshahara. Jumapili na sikukuu zilizoangukia katikati zinahesabiwa humo humo. Msimamizi naye anajua mapema kwamba katikati ya Aprili atahitaji mtu wa kubeba kreti.

Sasa tuone siri inavyotoka, maana mara nyingi haitoki kwenye barua. Inatoka kwenye viambatisho. Mgonjwa akiruhusiwa kutoka wodini hupewa karatasi kadhaa: ile ya mapumziko ambayo wengi wanaiita ED, na ile ya maelezo ya kuruhusiwa, yenye historia ya ugonjwa, kilichofanyika chumba cha upasuaji, dawa, na tarehe ya kurudi kliniki. Ya kwanza inamhusu mwajiri. Ya pili ni yako na watabibu wako. Katika mfano wetu, karatasi ya pili ingeweza kuwa na mstari kuhusu uwezekano wa kushika mimba. Watu huzibana zote kwa pini moja, au kuzipiga picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la idara ili "bosi aone haraka". Picha ikishaingia kwenye simu za watu 20, ukiifuta kwako hujaifuta kwao.

Fomu za bima ya afya na risiti za duka la dawa nazo zinasema mengi. Anayejua dawa akiona jina la dawa amejua ugonjwa. Hata muhuri unasema: karatasi iliyopigwa muhuri wa CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, au wa kliniki ya afya ya akili imetangaza kila kitu bila kuandika neno moja la ugonjwa. Hapa kuna jambo dogo ambalo wagonjwa wengi hawajui kwamba wanaweza kuliomba. Kabla daktari hajasaini ED, mwombe asiandike jina la ugonjwa kwenye nafasi iliyoachwa kwa ajili hiyo, aandike "matibabu" au "upasuaji" tu, na mwombe karatasi ipigwe muhuri wa jumla wa hospitali badala ya ule wa kliniki. Madaktari wengi hulielewa ombi hilo, kwa sababu siri ya mgonjwa ni sehemu ya miiko yao ya kazi.

Kuna hospitali ambazo jina lake lenyewe linajieleza. Barua yenye kichwa cha Ocean Road itasomeka saratani, na ya Mirembe itasomeka afya ya akili, utake usitake. Hapo kinachobaki ni kupunguza macho yanayoiona. Iweke kwenye bahasha iliyofungwa, andika "SIRI" juu yake na jina la ofisa mmoja wa utumishi, kisha umkabidhi mkononi. Msimamizi wako apewe tarehe tu. Kwenye utumishi wa umma utaratibu huu si mgeni kabisa, kwa sababu nyaraka za siri hupita masijala ya siri na wala hazichanganywi na za masijala ya wazi. Kampuni binafsi ndogo, ambako jalada zote ziko kwenye kabati moja lisilo na kufuli, ndiko ninakokuhofia zaidi.

Waajiri wengine hubana maswali kwa sababu wamewahi kuletewa ED za kughushi. Malalamiko yao ni ya kweli, lakini dawa yake ni kuihakiki karatasi. Ofisi ya utumishi inaweza kupiga simu hospitali na kuuliza: karatasi hii ni yenu, tarehe ni hizi, aliyesaini ni tabibu wenu? Hospitali ikijibu ndiyo, uhakiki umekwisha. Mwajiri akiuliza "huyu kijana hasa ana nini?", ametoka nje ya uhakiki, na daktari hapaswi kumjibu bila ridhaa ya mgonjwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Pia inamtaka anayekusanya taarifa za watu achukue zile tu zinazohitajika kwa kusudi lake, na asizitumie kwa jambo jingine. Kwa hiyo fomu ya likizo yenye kisanduku kinachomlazimisha kila mtu ajaze jina la ugonjwa ni fomu ya kufanyiwa marekebisho. Orodha ya waliopo likizo inayobandikwa ukutani nayo isomeke "likizo" tu.

Kunyamaza hakumaanishi kudanganya. Ukiandika malaria ilhali ulikuwa wodi ya upasuaji, umempa mwajiri sababu ya kukushitaki kwa udanganyifu, na hapo faragha haitakutetea. Ukiulizwa uso kwa uso, jibu la heshima linatosha: "Asante kwa kunijali, bosi. Ni mambo ya hospitali, daktari ananishughulikia. Tarehe zote nimeziandika kwenye barua." Anayekutakia heri ataishia hapo.

Kuna hali ambapo itabidi useme zaidi. Ukiumia kazini, au ugonjwa ukiwa umetokana na kazi, maelezo yake lazima yatolewe, kwa kuwa fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haiwezi kushughulikiwa bila kujua kilichokupata. Dereva anayetumia dawa za kusinzisha lazima aseme kwamba hawezi kuendesha, hata asipotaja dawa ni ya nini. Mpishi mwenye ugonjwa unaoweza kuambukiza kupitia chakula hawezi kurudi jikoni kimya kimya. Na ugonjwa ukirefuka hadi mwajiri akaanza kufikiria kusitisha ajira kwa sababu ya afya, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka aongozwe na maoni ya daktari kuhusu chanzo na kiwango cha tatizo, na kama ni la muda au la kudumu. Hapo kukataa kutoa chochote kunaweza kukuumiza mwenyewe. Toa ridhaa ya maandishi inayotaja ni ripoti gani, iende kwa nani, na kwa shughuli ipi.

Kuhusu VVU, mstari ni mkali zaidi. Sheria ya ajira imekataza ubaguzi kwa sababu hiyo, na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya vipimo. Mwajiri akikuuliza hali yako ili akupe ruhusa, huna wajibu wa kumjibu.

Taarifa yako ikivujishwa, anza kwa kuandika kwa mwajiri ukitaja karatasi ipi ilionekana, wapi, na lini, kisha ubaki na nakala. Uvujishaji wenyewe unaweza kuupeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama umefukuzwa kazi kwa sababu ya ugonjwa, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda ni mfupi: siku 30 tangu kuachishwa kazi.